Sentensi Ndefu Isiyokatika

Soma sentensi hii polepole: "Kijana aliyemwona askari alikimbia." Nani alimwona nani? Msomaji mmoja atasema kijana ndiye aliyemwona askari, akaingiwa na hofu, akatimua mbio. Mwingine atasema askari ndiye aliyemwona kijana, na kijana alipojua ameonekana akatoroka. Wote wawili wako sahihi, maana sarufi ya Kiswahili inaruhusu maana zote mbili. Kijana na askari wote wako katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo ile a- ya mwanzo wa kitenzi inaweza kuwa ya yeyote kati yao, na -m- ya katikati vivyo hivyo. Kirejeshi -ye- kinatuambia tu kwamba maelezo hayo yanamrudia kijana. Hakisemi kama kijana alitenda au alitendwa.

Mwanafunzi anayeandika insha hukutana na jambo hili mara nyingi bila kulitambua. Mwalimu amemwambia aache sentensi fupifupi, aandike sentensi changamano, naye anaanza kuunganisha kwa -ye, -o na amba-. Sentensi zinarefuka kweli, lakini anayesahihisha anabaki akijiuliza ni nani aliyefanya nini. Kosa haliko katika urefu. Kirejeshi humtafuta mwenyewe kwa alama ya ngeli, na mwandishi asiyeifuata alama hiyo hawezi kujua ni lini inatosha na ni lini inahitaji msaada.

Tuanze pale inapotosha. Chukua sentensi hizi, kama mtoto wa darasa la sita angeziandika: "Bibi yangu alinunua kapu. Kapu lilisukwa na fundi. Fundi anaishi Pemba." Tukiziunganisha tunapata: "Bibi yangu alinunua kapu lililosukwa na fundi anayeishi Pemba." Litazame neno "lililosukwa" kwa karibu. Li- ya kwanza ni ya kapu, ngeli ya LI-YA. -Li- ya pili ni ya wakati uliopita. -Lo- ndiyo kirejeshi, nayo inatokana na ile li- ya ngeli ikiungana na o. Bibi huyo angenunua kikapu, tungesema "kilichosukwa", kwa kuwa ki- na o huzaa cho. Vikapu vingekuwa "vilivyosukwa", mikeka ingekuwa "iliyosukwa", na kamba za ukili "zilizosukwa". Mtu mmoja peke yake ndiye aliyeachana na utaratibu huu, kwani hupewa -ye: "anayeishi". Wakiwa wengi wanarudi kwenye o: "wanaoishi".

Kinachoibeba sentensi hii ni tofauti ya ngeli. Hakuna anayeweza kudhani kwamba kilichosukwa ni bibi, wala kwamba kinachoishi Pemba ni kapu. Lo imelishika kapu, ye imemshika fundi. Ndiyo maana "ndege aliyetua" na "ndege iliyotua" hazimchanganyi mtu yeyote: wa kwanza ana mabawa ya manyoya na yuko juu ya mwembe, ya pili imeshusha abiria uwanjani. Nomino ni ileile, lakini kirejeshi kimeamua.

Sasa tazama hii: "Nilimwona mtoto wa jirani aliyevunja dirisha." Aliyevunja ni mtoto au jirani? Msomaji atamdhania mtoto, kwa kuwa watoto ndio wanaocheza mpira uani, lakini hayo ni makisio yake tu, na sentensi yenyewe haijasema. Linganisha na "Nilikiona kiti cha jirani kilichovunjika." Hapa hakuna shaka hata kidogo, maana -cho- haiwezi kumrudia jirani. Kwa hiyo kabla ya kuweka kirejeshi, tazama nomino zilizotangulia. Zikiwa za ngeli mbalimbali, endelea bila wasiwasi. Zikiwa za ngeli moja, panga upya: "Jirani yangu ana mtoto aliyevunja dirisha; nilimwona." Nukta mkato hapo inasaidia kuliko kirejeshi cha pili.

Turudi kwa kijana na askari. Njia ya kwanza ya kuondoa utata ni kauli ya kutendwa: "Kijana aliyeonwa na askari alikimbia." Njia ya pili ni amba-: "Kijana ambaye askari alimwona alikimbia." Na ikiwa kijana ndiye aliyeona, andika "Kijana ambaye alimwona askari alikimbia." Amba- inafaulu hapa kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, kitenzi hicho hukaa mara tu baada ya nomino inayoelezwa, na mtenda anasukumwa nyuma yake. Tunasema "barua aliyoandika mama", hatusemi "barua mama aliyoandika". Barua haiandiki, kwa hiyo kumweka mama mwishoni hakudhuru. Lakini panapokuwa na watu wawili, yule wa mwishoni anaweza kuwa mtenda au mtendwa. Amba- huchukua kirejeshi na kukaa nacho karibu na nomino, kisha inaacha nafasi kabla ya kitenzi. Katika nafasi hiyo mtenda anakaa mahali pake pa kawaida, nasi tunajua ni nani.

Hiyo ndiyo kazi ya amba- ninayoithamini zaidi, na nasikitika kuona inatumiwa kama gundi ya kila mahali. "Mtu ambaye alikuja ambaye alikuwa na mfuko ambao ulikuwa mzito" ni sarufi halali inayochosha masikio. "Mtu aliyekuja na mfuko mzito" inasema yaleyale. Pale ambapo kitenzi kinaweza kumeza kirejeshi bila utata, kiachie kimeze.

Kuna vitenzi visivyoweza, na hapo amba- ni lazima. Kirejeshi cha katikati hukaa na nyakati tatu tu: -li-, -na-, na -ta- ambayo hurefuka na kuwa -taka-. Tunapata "aliyesoma", "anayesoma" na "atakayesoma". Wengi huandika "atayesoma" kwa kuwa ndivyo wanavyosikia mitaani, lakini katika insha lile -ka- halikwepeki. Wakati wa -me- haupokei kirejeshi, wala hu- ya mazoea, wala -nge-. Ukitaka kusema juu ya daktari na kazi aliyokwisha kuifanya, andika "daktari ambaye ametibu wagonjwa wengi". Ukitaka mazoea, "daktari ambaye huamka alfajiri".

Kukanusha kuna ujanja wake. "Asiyesoma" haina wakati: inaweza kuwa wa jana, wa leo au wa siku zote. Ndiyo sababu inapendeza sana katika methali, mfano "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Lakini katika kisa cha siku moja haitoshi. Ukiandika "mwanafunzi asiyefanya mtihani alilia", msomaji hajui kama ni mtu asiyefanya mitihani kamwe au aliukosa ule wa Jumatatu. "Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani alilia" inamaliza shaka, na "ambaye hatafanya" inahamisha habari yote mbele.

Kile kirejeshi cha mwishoni, kama katika "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", nacho hakina wakati. Kinafaa kwa kauli ya jumla katika insha ya methali au ya maoni, "mzazi apendaye wanawe huwasikiliza", na hakifai kusimulia ajali ya basi iliyotokea juzi. Hata hivyo kila mtu anakitumia kila wiki anaposema "mwezi ujao" na "wiki ijayo".

Hitaji jingine la amba- ni pale jambo linapomhusu mtu kupitia kitu chake. "Mzee ambaye mwanawe anasoma Muscat" haiwezi kubanwa ndani ya kitenzi, kwa kuwa anayesoma si mzee. Vivyo hivyo "kijiji ambacho wakazi wake walihama". Kile "wake" na "mwanawe" visiachwe. Ndivyo vinavyorudisha kamba kwa mwenyewe. Ni kama ilivyo kwa na-: "rafiki niliyesafiri naye" imekamilika, "rafiki niliyesafiri" imening'inia.

Kosa linalowaponza wengi ni kurejesha mara mbili: "mgeni ambaye aliyefika jana". Ukishatumia ambaye, kitenzi kinarudi hali yake ya kawaida: "mgeni ambaye alifika jana". La pili ni kuifanya ambayo iwe ya kila ngeli, "watu ambayo", "vitu ambayo", hali iliyozoeleka katika mazungumzo ya mijini. Amba- inafuata ngeli kama kirejeshi kingine chochote: watu ambao, vitu ambavyo, jambo ambalo. Na tahajia ni "ambaye" na "aliyefika", si "ambae" wala "aliefika". Ile y haisikiki sana katika usemaji wa haraka, lakini ni sehemu ya neno.

Lipo kosa zito kuliko haya yote, nalo hutokea sentensi inapokuwa ndefu kweli. Soma: "Mwanafunzi ambaye alifika shuleni akiwa amelowa kwa mvua na ambaye mwalimu mkuu alimwita ofisini kwake." Kila neno ni sahihi, lakini hakuna sentensi. Tumesimuliwa mengi juu ya mwanafunzi, kisha mwandishi akaweka nukta kabla ya kutuambia mwanafunzi huyo alifanya nini. Namna ya kuligundua ni kuchukua kalamu ya risasi na kukata kila kinachoning'inia kwenye kirejeshi. Hapa vishazi tegemezi vyote viwili vinaondoka, na kinachobaki ni "Mwanafunzi" peke yake. Kishazi huru hakipo. Ongeza kitenzi kikuu: "Mwanafunzi ambaye alifika shuleni akiwa amelowa kwa mvua, na ambaye mwalimu mkuu alimwita ofisini kwake, alipewa sare kavu." Kata tena. Safari hii kinabaki "Mwanafunzi alipewa sare kavu", nayo inasimama.

Jaribio hilohilo linafichua ile sentensi inayokimbia na msomaji. "Bibi yangu alinunua kapu lililosukwa na fundi anayeishi katika kijiji kilichozungukwa na mikarafuu iliyopandwa na wakulima waliotoka bara." Kata, na kinabaki "Bibi yangu alinunua kapu". Kisarufi iko salama, lakini tumemwacha bibi sokoni na sasa tunazungumza juu ya wakulima. Kwa maoni yangu virejeshi viwili vinavyofuatana vinatosha katika sentensi ya insha. Cha tatu kistahili sentensi yake: "Kijiji hicho kimezungukwa na mikarafuu."

Bado kuna mkato. "Wanafunzi waliochelewa waliadhibiwa" inamaanisha baadhi yao walichelewa, na hao ndio walioadhibiwa. Waliowahi waliingia darasani. "Wanafunzi, ambao walichelewa, waliadhibiwa" inamaanisha wote walichelewa na wote waliadhibiwa. Mwandishi wa taarifa ya shule akiweka mikato hiyo miwili bila kufikiri, amewaadhibu na wale waliofika mapema.