Dakika Tatu za Katuni, Wiki 24 za Kazi

Tuwachukue wasanii wawili wa mfano jijini Dar es Salaam. Mmoja ni hodari wa kuchora miondoko, mwenzake anajua rangi, mandhari na sauti. Wanataka kutengeneza katuni ya dakika tatu kuhusu mama muuza vitumbua wa Kariakoo na kunguru anayemvizia kila asubuhi. Hadithi ipo, kompyuta mbili zipo, hamu ipo. Wakiulizwa watamaliza lini na kwa shilingi ngapi, wanatazamana.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linaanzia kwenye sekunde. Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika tatu ni fremu 4,320. Wachoraji wa katuni za mkono hupunguza mzigo huo kwa kuacha kila mchoro ukae fremu mbili, na jicho halioni kasoro. Bado inabaki michoro 12 kwa sekunde. Ukitoa sekunde 20 za jina la filamu na orodha ya waliohusika, kuna sekunde 160 za kuchorwa, sawa na michoro 1,920 endapo kila kitu kitakuwa kinatembea muda wote.

Je, mtu mmoja anaweza kutoa sekunde ngapi kwa siku? Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza filamu ya Away peke yake, akaitoa mwaka 2019. Ina urefu wa dakika 75 na ilimchukua miaka mitatu na nusu. Ukigawa sekunde zake kwa siku zote hizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo, unapata kama sekunde tatu na nusu kwa siku, muziki ukiwa ndani yake kwa sababu hata muziki aliutunga mwenyewe. Aliwezaje? Filamu haina mazungumzo, maumbo yake ni sahili, na shoti zake ni ndefu. Kwa maneno mengine, kazi ilipimwa kulingana na nguvu ya mtu mmoja tangu ilipokuwa wazo.

Hapo ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Watu wawili huandika hadithi ya watu ishirini, kisha hukaa na kalenda wakijaribu kuibana.

Njia salama ni kuchelewesha ratiba kidogo. Kwanza huandikwa hadithi, halafu huchorwa storibodi, yaani picha za kila shoti zilizopangwa kama ukurasa wa vibonzo. Picha hizo hupangwa kwenye kompyuta kwa urefu kamili wa filamu, zikiwa na sauti za majaribio. Video hiyo isiyo na mwendo ndiyo watengenezaji wanayoiita animatiki. Kwa wasanii wetu, wiki sita zinatosha kufika hapo, kuanzia hadithi hadi sura za wahusika. Animatiki ikipita sekunde 180, kukata ni sasa, kwa sababu kufuta picha ya penseli hakuna gharama kubwa. Kufuta shoti iliyokwishachorwa na kupakwa rangi ni kutupa wiki nzima ya maisha ya mtu.

Animatiki ya mama muuza vitumbua imetoa shoti 40 zenye wastani wa sekunde nne. Kabla ya kugusa kalenda, wawili hao wanachagua shoti moja ya kawaida na kuitengeneza mpaka mwisho, na rangi na sauti juu yake. Wamechagua ile ambayo mama anamimina uji wa vitumbua kwenye chuma chenye vishimo: sekunde tatu tu. Walidhani ni nusu siku. Mkono ulikubali haraka, lakini mvuke ulitaka michoro yake pekee, na uji ukitiririka huwezi kuuacha umeganda hewani. Michoro ilikula siku nzima, rangi ikala zaidi ya nusu siku nyingine. Sasa wana kipimo chao wenyewe, ambacho kina thamani kuliko kipimo cha studio yoyote.

Kwa kipimo hicho wanazigawa shoti katika makundi matatu. Nyepesi ni zile ambazo kope inapepesa au kunguru anageuza kichwa. Mchoraji anaweza kutoa sekunde nane kwa siku. Za kati, kama ile ya uji, ni sekunde tatu kwa siku. Ngumu ni zile za umati wa sokoni, mvua, na kunguru akiruka huku kamera ikimzunguka. Hizo ni sekunde moja kwa siku, ukibahatika. Hesabu inatoa sekunde 56 nyepesi, 72 za kati na 32 ngumu. Siku za mchoraji ni saba, ishirini na nne, na thelathini na mbili: jumla 63.

Hebu itazamwe tena hesabu hiyo. Shoti ngumu ni nane tu, moja ya tano ya filamu, lakini zinakula nusu ya muda wote wa kuchora. Ukitaka kuokoa siku, ni kazi bure kuhangaika na zile 32 nyingine. Wasanii wanarudi kwenye storibodi na kuangalia shoti ya mama akimkimbiza kunguru katikati ya watu. Kamera inaweza kubaki usoni kwake, makapi na vichwa vikipita mbele kama vivuli, na kelele za wapiga debe zikafanya kazi ya umati. Shoti hiyo imekuwa ya kati, na kwa macho ya wengi imekuwa nzuri zaidi, kwa sababu hasira ya mama sasa inaonekana. Nne kati ya zile nane zikigeuzwa hivyo, siku 63 zinashuka hadi kama 52.

Mwenzake naye ana hesabu yake. Mandhari 12 zinazotumika tena na tena, kila moja siku moja na nusu, ni siku 18. Kupaka rangi sekunde tano kwa siku ni siku 32. Kuunganisha michoro, mandhari na mwanga, shoti nne kwa siku, ni siku 10. Jumla ni siku 60, na mizigo inakaribiana. La kuangalia ni mfuatano: hawezi kupaka rangi mchoro ambao haujachorwa, kwa hiyo anaanza na mandhari wakati mwenzake akitangulia na shoti. Mchoraji atakayemaliza mapema atamsaidia rangi. Sauti za waigizaji zirekodiwe kabla ya kuchora midomo. Ukirekodi baadaye, mdomo utasema lake na sauti lake.

Siku 60 za kazi ni wiki 12. Sauti, muziki na marekebisho ya mwisho vinapewa wiki tatu. Kisha inaongezwa akiba ya asilimia 20 ya muda wa uzalishaji, kama siku 12. Akiba hii si anasa. Umeme utakatika, mmoja atashikwa na malaria, kutakuwa na msiba wa kwenda mkoani. Pamoja na wiki sita za mwanzo, filamu inafika wiki 24 hivi za kazi ya kutwa. Kama wawili hao wameajiriwa na wana nusu siku tu ya kuchora, ni wiki 48, na tamasha la ZIFF la Zanzibar wanalolilenga huenda likawa la mwaka unaofuata.

Ratiba ikishatundikwa ukutani, kuna mtego mmoja. Mchoraji hupenda kuanza na shoti nyepesi, na wiki ya kwanza anatoa sekunde 40. Wote wanafurahi, wanajiona wako mbele. Ukweli ni kwamba amemaliza siku tano za kazi kati ya 52, kama ilivyopangwa, na milima yote bado iko mbele. Kwa hiyo maendeleo yapimwe kwa siku zilizopangwa kwa kila shoti, na shoti ihesabiwe tu ikiwa wote wawili wameikubali. Utaratibu mzuri ni kuanza na za kati ili mkono uzoee wahusika, kufuata ngumu, na kuacha nyepesi za mwisho, kwani muda ukibana hizo ndizo zinazofupishwa bila hadithi kuumia. Zikifika wiki nne na shoti za siku 15 zimetumia siku 20, tatizo si bahati mbaya tena. Kipimo kilikosewa, na shoti za kukatwa zitafutwe wiki hiyohiyo.

Bajeti inatokana moja kwa moja na ratiba hiyo. Programu zinaweza kuwa za bure: Krita na OpenToonz kwa michoro, Blender kwa michoro na maumbo ya pande tatu. Blender ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu nyingine ya Zilbalodis, iliyopata Oscar mwaka 2025. Lakini Flow iligharimu kama euro milioni 3.5, kwa sababu safari hii kulikuwa na kundi la watu wa kulipwa. Programu ya bure haifanyi saa za mtu ziwe za bure.

Wasanii wetu wanajipangia shilingi 800,000 kwa mwezi kila mmoja. Kwa miezi mitano na nusu, wote wawili ni shilingi milioni 8.8. Matumizi mengine, kwa makadirio yao, ni muziki 600,000, waigizaji wawili wa sauti 300,000, studio ya kurekodi na kuchanganya sauti 500,000, kibao cha kuchorea 250,000, diski mbili za kuhifadhia kazi 400,000, luku na bando 660,000, manukuu na ada za matamasha 400,000. Hiyo ni milioni 3.11. Ukijumlisha yote na kuongeza asilimia 10 ya dharura, filamu ina thamani ya karibu shilingi milioni 13.1.

Huenda hawatalipana hata senti kwa sasa, na fedha taslimu wanayohitaji ni kama milioni 3.4. Hata hivyo ujira wao uandikwe. Mfadhili akiona bajeti ya milioni 3.4, ataamini dakika tatu za katuni zinagharimu hivyo, na filamu ya pili itaombewa kiasi hichohicho. Ukiandikwa kama mchango wa nguvu kazi, anaona wasanii wameshaweka milioni 8.8 mezani.

Kuna gharama mbili zinazosahaulika sana. Ya kwanza ni wimbo. Redio ya mama ikipiga kibao maarufu cha Bongo Fleva, ruhusa ya wenye haki inahitajika, na matamasha hukataa filamu isiyo nayo. Kumlipa mtunzi atunge kipya, kwa mkataba wa maandishi, mara nyingi ni nafuu. Ya pili inawahusu zaidi wanaotumia pande tatu: muda wa kompyuta kutoa picha. Kila fremu ikichukua dakika mbili, fremu 4,320 ni saa 144, siku sita usiku na mchana. Picha zitolewe moja moja badala ya video nzima, ili umeme ukikatika ipotee fremu moja tu.

Linabaki karatasi moja, ya kusainiwa kabla ya mchoro wa kwanza. Iseme nani anamiliki nini, fedha ya tuzo itagawanywaje, nani ana neno la mwisho kuhusu hadithi na nani kuhusu picha, na mmoja akipata ajira katikati ya wiki ya kumi, shoti zake zitamaliziwa na nani, kwa malipo yapi kutoka kwenye ile asilimia 10.