Skrini Inasema Hivi, Noti Zinasema Vile

Anayeandaa slaidi za mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo mara nyingi haanzi na faili tupu. Hufungua faili la mwaka jana, akabadilisha mwaka, akaingiza takwimu mpya, akahifadhi. Kinachosahaulika ni kile kisichoonekana ukutani: noti za msemaji, maandishi yanayokaa chini ya kila slaidi na kusomwa na msemaji peke yake. Katika PowerPoint, ukinakili slaidi, noti zake huja nayo. Basi slaidi inakuwa ya mwaka huu na noti zinabaki za mwaka jana. Wanachama wanasoma jambo moja, wanasikia jingine, na fedha zinazozungumzwa ni zao.

Ukaguzi wake hauhitaji utaalamu mkubwa, ila unataka utulivu. Fungua `View > Notes Page`, ambapo slaidi hukaa juu na noti zake chini, kisha uchapishe kurasa hizo. Soma slaidi kwanza, noti ukiwa umezifunika kwa karatasi. Pigia mstari kila dai: kiasi, tarehe, jina, sharti, nani anafanya nini. Halafu funua noti ufanye vivyo hivyo. Ukisoma vyote kwa pamoja, akili hujaza pengo yenyewe na kosa linapita.

Tuchukue mfano wa kutunga. Slaidi ya 4 imeandikwa: “Wanachama 412. Riba ya mkopo asilimia 1.5 kwa mwezi. Madeni sugu: kutoka shilingi milioni 14 hadi milioni 9.” Noti zinasema: “Tuna wanachama zaidi ya mia nne, riba yetu ni asilimia 18 kwa mwaka, na madeni sugu tumeyapunguza kwa nusu.” Mkaguzi mwenye haraka ataorodhesha mambo matatu. Kwa kweli ni moja tu. Watu 412 ni zaidi ya mia nne. Asilimia 1.5 mara miezi 12 ni 18, mradi riba haizai riba. Lakini kutoka 14 hadi 9 punguzo ni 5, sawa na asilimia 36 hivi, na hiyo si nusu. Neno “nusu” huenda lilikuwa sahihi kwa hesabu za mwaka uliopita.

Slaidi ya 7 ina tatizo zito zaidi, ingawa haina tarakimu inayogongana. Skrini: “Bodi inapendekeza gawio la asilimia 6.” Noti: “Tutawalipa gawio la asilimia 6.” Kiasi ni kilekile, ila pendekezo linalosubiri kura limegeuzwa uamuzi uliokwisha kupita. Mwanachama aliyekuja kupiga kura ana haki ya kuuliza amekuja kufanya nini. Migongano ya aina hii ndiyo ninayoihofia kuliko ya tarakimu, maana hakuna kikokotoo kitakachoigundua.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Skrini ikiandika “9:00 AM” na noti zikasema “saa tatu asubuhi”, hakuna mgongano. Noti zikisema “saa tisa”, macho yataona tisa na tisa yakaridhika, kumbe msikilizaji ataelewa alasiri.

Kila mgongano uandikwe peke yake kwenye orodha: namba ya slaidi, maneno ya skrini kama yalivyo, maneno ya noti kama yalivyo, na sababu ya kusema yanapingana. Kwa mfano:

Slaidi ya 4. Skrini: “kutoka shilingi milioni 14 hadi milioni 9”. Noti: “tumeyapunguza kwa nusu”. Sababu: punguzo ni asilimia 36 hivi. Athibitishe: mhasibu.

Usisahihishe papo hapo. Mkaguzi anajua kwamba pande mbili hazipatani, lakini hajui ipi ni kweli. Pengine milioni 9 ndiyo iliyokosewa kuchapwa. Jibu liko kwenye hesabu zilizokaguliwa, na mwenye hesabu hizo ndiye wa kuulizwa. Jambo ambalo noti zimeongeza tu bila kupinga skrini lisiingie kwenye orodha hii, vinginevyo migongano halisi itazama.

Picha na chati zisomwe kwa macho. Jedwali lililobandikwa kama picha halitafutwi kwa `Ctrl+F`, hata kama lina kiasi kilekile unachokisaka. Angalia pia maneno kama “slaidi iliyopita” au “mambo haya matatu”: mpangilio ukibadilishwa au hoja ya nne ikiongezwa, yanaachwa yakielekeza pasipo.

Marekebisho yakishaingizwa, kiasi kilichobadilika kitafutwe katika faili zima, kwa kuwa milioni 9 ya slaidi ya 4 huenda imerudiwa kwenye muhtasari wa mwisho. Na faili likitumwa kwa wanachama, noti husafiri nalo. Kuziondoa, tumia `File > Info > Check for Issues > Inspect Document` kwenye nakala, na faili lenye noti libaki kwa msemaji.