Mizani kumi na sita za mama wa Kasokola

Kijana mmoja mzaliwa wa Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, alitumiwa na dada yake picha ya mama yao, naye akataka kumtungia shairi la siku ya kuzaliwa. Picha ilipigwa mwezi Juni, saa 12:45 asubuhi. Mama amejifunga kitenge, ameinama kwenye maua yaliyo mbele ya nyumba, mkononi ana kopo lililotobolewa matundu chini. Mwanga ni hafifu, rangi ya kijivu.

Kijana mwenyewe anaishi Dar es Salaam, na saa hiyo kwake jua lilikuwa limeshatoka. Saa za Tanzania ni zile zile nchi nzima, lakini Mpanda iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza huko kwa zaidi ya nusu saa. Alfajiri ya picha ile ni ya Katavi hasa. Tena ni ya Juni: mvua zimekwisha, asubuhi ni baridi, na ua lisilomwagiliwa kabla jua halijawaka lina siku ngumu mbele yake.

Rasimu ya kwanza aliyoniletea haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilianza hivi:

*Mama yangu duniani, hakuna wa kukupita*

Hesabu mwenyewe: mizani nane ukwapi, nane utao. Hakuna kosa la kanuni. Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji huko huko magharibi, aliyetoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, asingepata pa kuukata mshororo huu kwa hesabu. Tatizo ni kwamba unamfaa mama wa yeyote, wa Tanga au wa Kisumu. Kina cha "ni" ndicho kilichomvuta: ukikitafuta, "duniani", "moyoni" na "thamani" huja mbio bila kuitwa, na mtunzi huishia kuandika kile kina kinachotaka.

Dawa niliyompa ni ya kizamani. Acha vina kwanza. Andika kwa lugha ya kawaida mambo yaliyomo kwenye picha: kuinama, kopo, maji, giza linaloondoka. Kisha ongeza yale ambayo kamera haiwezi kuyashika, kama ubaridi wa umande miguuni. Hapo ndipo utafute ni neno gani kati ya hayo linaloweza kukaa mwisho wa kipande. Alibaki na kina kile kile cha "ni", lakini sasa kikibeba vitu vya nyumbani kwao:

*Mama wainama chini, jua halijachomoza,*
*Kopo liko mkononi, tone tone wapenyeza,*
*Umande u miguuni, baridi waipuuza,*
*Maua ya Kasokola, mwenyewe umeyakuza.*

Mshororo wa pili ulimsumbua. Alihesabu "mkononi" kuwa mizani tatu, akaona amepungukiwa, akataka kuongeza neno. Lakini "m" ile hutamkwa peke yake, m-ko-no-ni, nayo ni mizani kamili. Kinyume chake, "mw" ya "mwenyewe" haijitegemei: mwe-nye-we, tatu tu. Sikio huligundua kosa la namna hii haraka kuliko macho. Soma kwa sauti, au bora uimbe, maana shairi la bahari hii lina mahadhi yake. Pale pumzi inapokwama baada ya mizani ya nane, pana neno limezidi au limepungua. Na jina la Kasokola, kwa bahati, lina mizani nne kamili, likakaa kwenye kibwagizo bila kubanwa.

Ubeti wa pili alitaka utaje umri. Aliandika "Miaka sitini na mbili", ikawa mizani tisa. Wengi hapa huikata "miaka" iwe "myaka", na wahenga waliruhusu mkato wa aina hiyo, lakini mimi naona mkato usio wa lazima hunuka jasho la mtunzi. Neno "miaka" lenyewe halihitajiki. Siku ya kuzaliwa kila mtu anajua kinachohesabiwa. Ikawa:

*Sitini na mbili leo, bado unachakarika*

Sasa kina cha kati kikawa "o", na orodha ya maneno ikaanza kumjia: cheo, upeo, kimbilio, kileo. Hilo la mwisho lilikwisha kuingia kwenye mshororo wa tatu, kwa kuwa lilitimiza mizani, kabla hajakumbuka kwamba shairi litasomwa mbele ya wanakwaya wenzake mama. Alilifuta akaweka kimbilio, mizani ikazidi, na alipoagana nami bado alikuwa anahesabu kwa vidole.