Paneli Sita, Inveta Moja

Geuza paneli ya sola uangalie kibandiko cha mgongoni. Kwenye paneli ya wati 550, Voc huwa karibu volti 50. Hiyo ndiyo volti ya paneli ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu. Vmp, volti yake inapofanya kazi, ni kama 42, na ampea zake ni kama 13.

Tuseme una paneli sita za aina hiyo na inveta ya kilowati 5 ambayo kitabu chake kinataka volti 120 hadi 450 za kufanyia kazi, na kinaonya kwamba zisizidi 500 hata kidogo. Ukiziunga zote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea zinajumlishwa lakini volti zinabaki 42. Inveta haitaziona.

Fundi mwingine atakushauri uzigawe makundi mawili: tatu kwa mfululizo, yaani chanya ya moja iingie kwenye hasi ya inayofuata, kisha makundi hayo yaungwe sambamba. Tatu mara 42 ni 126, kwa hiyo hesabu inakubali. Tatizo ni kwamba namba za kibandiko zilipimwa seli zikiwa na nyuzi 25 tu. Mchana, juu ya bati, seli hufika nyuzi 65, na joto hushusha volti. Zile 126 zitashuka hadi kama 110, chini ya kiwango. Mwenye nyumba ataona umeme mzuri asubuhi, halafu jua likiwaka kweli inveta inalegea au inazima, naye atalaumu betri. Isitoshe, makundi mawili hutoa ampea 26, na inveta nyingi za ukubwa huo hazipokei zote.

Zote sita kwa mfululizo ndilo jibu hapa. Ni volti 252, zinazobaki kama 220 kwenye joto, na ampea ni zilezile 13. Kasoro yake ni kivuli: mwembe ukifunika paneli mbili, mnyororo mzima unapungukiwa.

Usidhani basi kwamba kuongeza paneli hakuna mwisho. Kumi kwa mfululizo ni Voc 500 kwa hesabu ya kibandiko, lakini baridi hupandisha volti. Asubuhi ya Julai Njombe, nyuzi 5, zitakuwa kama 525 kabla inveta haijaanza kuvuta mzigo, na saketi ya kuingizia umeme itaungua. Tisa zingetosha.

Kabla ya kuchomeka, weka mita kwenye volti za DC na upime ncha mbili za mnyororo. Kwa sita utegemee 270 hadi 310. Ukisoma 200, kuna paneli mbili hazijaingia. Alama ya kutoa ikitokea, nyaya zimegeuzwa. Na usichomoe plagi wakati inveta inavuta umeme. Cheche za DC hazikatiki upesi, na huyeyusha plagi mkononi. Zima swichi ya DC kwanza.