Nafasi Moja Wazi, Majibu Mawili Sahihi

Daftari nyingi za Kiingereza za kidato cha kwanza zina jedwali moja linalofanana. Upande wa kushoto yamepangwa maneno kama always, usually na every day, na chini yake mfano wa kitenzi cha mazoea: he takes. Upande wa kulia yapo now, at the moment na Look!, na chini yake kitenzi cha tendo linaloendelea: he is taking. Mwanafunzi hulikariri jedwali, na kila anapopewa zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi, huanza kwa kutafuta neno moja kati ya hayo. Akilipata, hasomi zaidi. Anajaza na kwenda namba inayofuata.

Nami nilifundisha hivyo, mpaka siku darasa langu lilipofika kwenye sentensi hii:

```
My brother ____________ my charger. I'm tired of it!   always / take
```

Karibu darasa zima liliandika always takes. Majibu ya nyuma ya kitabu yalisema is always taking. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ulisema always ni ya mazoea?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimesema hivyo, tena ubaoni, kwa chaki ya rangi. Makala haya ni jibu ambalo ningependa kuwa nalo mkononi siku ile.

Lalamiko lina umbo lake

Tuanze na Kiswahili chetu. Mtu akisema, "Kaka yangu huchukua chaja yangu akienda kazini," anatoa taarifa. Kiambishi hu- kinaeleza mazoea, na msemaji anaweza kuwa ameridhika kabisa. Lakini akisema, "Kaka yangu kutwa anachukua chaja yangu!" umeshajua kwamba hapo kuna ugomvi. Kutwa ni mchana mzima hadi jua kuzama, lakini hakuna anayedhani kaka huyo anachukua chaja tangu asubuhi hadi magharibi. Neno limetiwa chumvi ili libebe uchovu wa msemaji. Ndivyo mama anavyomwambia mtoto, "Wewe kutwa uko kwenye simu," ingawa mtoto amerudi shuleni saa moja tu iliyopita.

Kiingereza hupata kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Huchukua umbo la tendo linaloendelea, ambalo kwa kawaida ni la jambo lenye mwanzo na mwisho, kisha hulitia always katikati. He is taking ni tendo ambalo litakwisha. He is always taking ni tendo lililokataa kwisha. Msemaji anakuonyesha tukio kana kwamba liko mbele ya macho yake tena na tena, wala haliishi. Hapo ndipo kero inapotokea.

Kwa hiyo always ni maneno mawili yaliyovaa vazi moja. Moja maana yake ni "kila mara jambo fulani litokeapo". La pili maana yake ni "mara nyingi kupita kiasi, wakati wowote, bila mpango". Jedwali la daftarini linalijua la kwanza tu.

Kuna kipimo kinachowasaidia wanafunzi wanaozungumza Kiswahili: jaribu kuongeza "kila" na kitenzi chenye -po. Chukua sentensi I always lock the door when I go out. Kwa Kiswahili ni "Kila nitokapo, hufunga mlango." Tendo limefungwa kwenye tukio jingine, linafuata utaratibu, kwa hiyo kitenzi ni cha mazoea. Sasa chukua I'm always losing my keys. Kila nifanyapo nini? Hakuna. Funguo zinapotea sokoni, nyumbani, popote pale. Hapo "kutwa napoteza funguo" ndiyo inayokaa vizuri, na kitenzi kinakuwa cha kuendelea.

Kipimo hicho kinaonyesha pia kwamba umbo hili halina uchungu siku zote. Mtu anaweza kusema My grandmother is always giving us mangoes, na sauti yake ikajaa upendo. Kinachobaki palepale ni wingi usiotarajiwa: bibi anagawa maembe bila ratiba, kuliko mtu angedhani. Ikiwa wingi huo unachosha au unafurahisha, sentensi ya jirani ndiyo itakayosema. Ni kweli kwamba malalamiko ndiyo matumizi yanayosikika zaidi, ndiyo maana vitabu vya mazoezi huyatanguliza. Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985 na kinachotumiwa na walimu wengi duniani, kinalinganisha maumbo haya mawili ya always waziwazi.

Hali ya muda nayo hunaswa na jedwali

Kosa hilohilo hujitokeza kwenye matumizi mengine ya umbo la kuendelea, yale ya hali ya muda. Tazama sentensi hizi tatu:

```
1. My uncle ________ in Mwanza. He was born there.               live
2. My uncle ________ in Mwanza until his new house is ready.     live
3. This month I ________ up at four every day for my exams.      get
```

Kwa Kiswahili, namba 1 na namba 2 zinaanza sawa: "Mjomba wangu anaishi Mwanza." Kiambishi -na- kinazibeba zote mbili bila kulalamika. Tukitaka kuonyesha kwamba mjomba hatakaa huko milele, tunaongeza maneno: "kwa sasa", "kwa muda", "mpaka nyumba iishe". Kiingereza hakiachi kazi hiyo kwa maneno ya nyongeza peke yake, bali hukigusa kitenzi chenyewe. Namba 1 ni lives, kwa kuwa Mwanza ni kwao. Namba 2 ni is living, kwa kuwa hali hiyo ina mwisho unaoonekana.

Wanafunzi wengi hudhani umbo la kuendelea lazima liwe la jambo linalotendeka sasa hivi, dakika hii. Mjomba wa namba 2 anaweza kuwa safarini siku hiyo, na sentensi bado ikawa sahihi. Wala muda hauhesabiwi kwa siku. Mtu aliyehamishiwa Nairobi kwa mwaka mzima anaweza kusema I am working in Nairobi this year, kwa sababu anaiona kazi hiyo kama kipindi ndani ya maisha yake, si mpango wa kudumu.

Namba 3 ndiyo inayoangusha wengi. Mwanafunzi anaona every day, mkono unaandika get. Jibu ni am getting. Every day ipo kweli, lakini imewekwa ndani ya this month. Mazoea hayo yamezaliwa na mitihani, na mitihani ikiisha yatakufa. Mpaka mkubwa unaushinda mdogo. Ni kama shamba ndani ya kijiji: anayetaka kujua yuko wapi hatazami ua wa shamba peke yake.

Ipo mipaka ambayo hata hali ya muda haiivuki. Vitenzi vya hali, kama know, need na belong, kwa kawaida havikubali umbo la kuendelea. Uhitaji wa wiki moja bado ni This week I need the car. Hapo mwanafunzi akiandika am needing kwa sababu ameona this week, amelihamisha kosa lake la zamani upande wa pili wa jedwali.

Zoezi lenyewe linapokosea

Si kila kosa ni la mwanafunzi. Chukua sentensi ya chaja, kisha ifute sehemu ya pili:

```
My brother ____________ my charger.   always / take
```

Sasa always takes ni sahihi, na is always taking pia ni sahihi. Hakuna kilichobaki ndani ya sentensi kinachomwambia msomaji kama msemaji anatoa taarifa au analalamika. Mwalimu akimkosesha mwanafunzi hapo kwa sababu tu kitabu kimetoa jibu moja, anamwadhibu kwa kutojua kitu ambacho hakikuandikwa.

Mwaka 1953, Mmarekani Wilson Taylor alichapisha njia ya kupima ugumu wa maandishi kwa kufuta maneno kwa mpangilio na kuwataka wasomaji wayarudishe. Alichokitegemea ni kwamba pengo hujazwa kwa nguvu ya maneno yaliyobaki kulizunguka. Mazoezi yetu yanayotoa kitenzi pembeni si njia yake hasa, lakini kanuni hiyo inayahusu: kisichokuwa nje ya nafasi, mwanafunzi hawezi kukileta ndani.

Kwa hiyo anayetunga zoezi la lalamiko aandike sentensi mbili kwa kila namba. Ya kwanza ina nafasi, ya pili ina sauti ya msemaji: I'm tired of it, It drives me mad, Why can't he buy his own? Kwa upande wa mazoea, sentensi ya pili ilete utaratibu: That's the rule in our house.

Aangalie pia mahali alipoweka always. Akiandika always kabla ya nafasi, amelifunga jibu la kuendelea nje, kwa kuwa neno hilo hukaa kati ya is na taking, na mwanafunzi hana pa kuiweka is. Akiandika is always kabla ya nafasi, amelitoa jibu bure. Njia salama ni kuiacha nafasi ndefu na kuliweka always pembeni pamoja na kitenzi, ili mwanafunzi aamue mwenyewe umbo na mpangilio.

Wakati wa kusahihisha, mimi huwaambia wanafunzi wapigie mstari maneno yaliyowafanya wachague jibu. Mstari huo unaniambia zaidi ya jibu lenyewe. Aliyeandika is always taking akapigia mstari always, amebahatisha. Aliyepigia mstari I'm tired of it, amesoma.

Jedwali bado liko kwenye daftari za wanafunzi wangu, lakini limebadilika. Always sasa iko pande zote mbili. Chini ya ile ya kushoto tumeandika "kila nifanyapo". Chini ya ile ya kulia, kwa mwandiko wa yule msichana aliyeuliza swali, limeandikwa neno moja tu: "kutwa".