Bibi, presha na miguu kuvimba

Wadau, bibi yangu hapa Nyumba ya Mungu alipandishiwa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Wiki chache baadaye miguu yote miwili ikavimba vifundoni: jioni viatu vinambana, asubuhi afadhali. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Dawa hii inatanua mishipa midogo ya damu, maji yanavujia miguuni. Ndio maana dawa ya kukojoza haisaidii sana.

Bibi akataka kuacha vidonge. Nikamwambia hapana bibi, presha itapanda, twende kwa daktari tuulize kama dozi inapunguzika. Akarudishwa 5, akaongezewa losatani. Uvimbe ukapungua.

Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au mtu akikosa pumzi, wahini hospitali siku hiyo hiyo.