Maji ya Sola: Moto Jioni, Vuguvugu Alfajiri

Anayeoga saa moja jioni anatoka bafuni ametosheka. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini anafungua shawa ileile na kukuta maji vuguvugu, na kabla hajamaliza kujisugua hata uvuguvugu huo umekwisha. Lalamiko hili limezoeleka Nairobi na Limuru, ambako asubuhi za Julai zina baridi kali na nyumba nyingi zina tangi la sola juu ya paa. Kanuni za serikali ya Kenya za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo hii, na tangu hapo wapangaji wengi wamejikuta na mtambo wasioujua vizuri.

Mara nyingi lawama huenda kwa jua, na fundi anaitwa aongeze paneli. Lakini kama maji yalikuwa moto jioni, jua lilikwisha kufanya kazi yake. Cha kutafuta ni mahali joto lilikopotelea usiku.

Tuanze na matumizi, kwa sababu hesabu yake huwashangaza wengi. Chukua tangi la lita 200 ambalo magharibi lina maji ya nyuzi 55, na maji baridi ya mfereji ni nyuzi 18. Watu watano wanaoga jioni, kila mmoja akitumia lita 40 za maji ya nyuzi 40. Katika kila lita 40 hizo, kama lita 24 zimetoka kwenye tangi la moto na zilizobaki ni baridi. Kwa watu watano hizo ni lita 120. Ongeza lita 20 za kuosha vyombo, na lita 140 zimekwisha kutoka tangini.

Sasa tangi hili halibaki nusu tupu. Kila lita ya moto inayotoka juu inasukumwa na lita ya baridi inayoingia chini. Usiku huo mna lita 60 za moto na lita 140 za baridi ndani ya tangi moja. Maji moto ni mepesi, hivyo hukaa juu kwa muda, na aliyeunganisha mabomba vizuri hufaidi tabaka hilo. Ila matangi mengi ya paani yamelazwa, na katika tangi lililolala matabaka huchanganyika upesi. Yakichanganyika yote, tangi zima linabaki na nyuzi 29. Hapo hakuna kilichoharibika. Familia imeoga maji ya asubuhi jioni.

Ili kujua kama hiyo ndiyo hali yako, chagua siku moja ya jua ambayo familia itavumilia. Magharibi, fungua mfereji wa moto ulio karibu na tangi mpaka maji yatoke kwa joto lake kamili, yapime kwa kipimajoto, kisha funga vali ya bomba linaloshuka kutoka tangini. Usiku huo pasitumike maji ya moto. Alfajiri fungua vali, upime tena. Tangi lililofunikwa vizuri hutunza joto kama chupa ya chai, na kupungua nyuzi tano hadi nane usiku wa baridi ni kawaida. Ukikuta tofauti ndogo kama hiyo, tangi ni zima, na tatizo liko kwenye matumizi au kwenye mabomba ya ndani ya nyumba. Yakishuka nyuzi 15 au 20, joto linapotelea hukohuko juu.

Linapotelea vipi? Huenda povu lililo kati ya ganda la nje na tangi lenyewe limelowa maji ya mvua, na povu lililolowa halizuii joto. Lakini sababu ninayoiona kuwa mbaya zaidi ni maji kuzunguka kinyume. Mchana, maji yaliyopashwa kwenye paneli huwa mepesi na kupanda kuingia tangini, na ya baridi hushuka kutoka chini ya tangi kurudi kwenye paneli. Hakuna pampu, tofauti ya uzito pekee ndiyo inayoyasukuma. Ndiyo maana sehemu ya chini ya tangi inapaswa kuwa juu ya ukingo wa juu wa paneli, na mafundi wazuri huacha sentimita 30 hivi. Mwenye nyumba asiyependa sura ya tangi paani akiomba lifichwe chini ya dari, usawa mmoja na paneli, usiku mambo hugeuka. Paneli hupoa chini ya anga tupu, maji yake yanakuwa mazito, yanateremka kuelekea tangini, na kuvuta ya moto yapande kwenye paneli ili yapoe nayo. Joto la mchana hurudishwa angani usiku kucha.

Dalili yake ni rahisi. Saa tatu usiku, paneli na bomba linalotoka juu yake vinapaswa kuwa baridi kama bati lililo kando yake. Vikiwa na joto, maji yanazunguka. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye ngazi imara. Usipande paa gizani. Tiba ni kuinua tangi, au pale isipowezekana, kufunga vali inayoruhusu maji yapite upande mmoja tu. Kwenye mitambo ya mirija ya kioo shida hii ni ndogo, lakini mrija uliopoteza ombwe lake hupoteza joto. Utautambua kwa ncha yake ya rangi ya fedha iliyogeuka nyeupe.

Tuseme tangi limefaulu jaribio. Hapo tazama miksa, hasa ya shawa ya mkononi yenye kibonyezo. Mtu anapoachia kibonyezo bila kufunga vishikio viwili vya ukutani, bomba la moto na la baridi hubaki yameungana ndani ya miksa. Kama baridi inakuja kwa nguvu ya pampu na moto inashuka tu kutoka paani, baridi itaisukuma moto irudi ilikotoka. Kupima ni hivi: funga vali ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi la sola, kisha fungua mfereji wa moto jikoni. Maji yanapaswa kudhoofika na kukatika baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutoka, tena yakiwa baridi, kuna miksa mahali fulani inayoyapitisha.

Kama hesabu ya lita ndiyo iliyokushinda, hita ya stima iliyo tangini inasaidia, mradi uiwashe saa inayofaa. Hita ya kilowati 2 ikiwaka kwa saa moja na nusu huongeza lita 200 nyuzi 13 hivi, yaani tangi letu la nyuzi 29 linafika 42. Weka saa yake iwake kuanzia saa tisa na nusu usiku. Anayeiwasha baada ya kuoga jioni na kuiacha analipia joto linalopotea hadi alfajiri. Mwenye hita iliyowashwa asubuhi baada ya watu kuondoka ana hasara kubwa zaidi, kwa sababu jua likichomoza hukuta tangi limeshapashwa na stima.

Yaliyosemwa hapa ni ya nyumba ambayo jioni maji yake huwa moto. Yakiwa vuguvugu tangu magharibi, hilo ni suala la mawingu ya Juni hadi Agosti, vumbi kwenye kioo, kivuli cha mti, au paneli iliyoelekezwa kusini wakati jua la miezi hiyo liko kaskazini.

Fundi akija kukuuzia paneli ya pili kabla hajakuuliza maji yalikuwa na nyuzi ngapi jana jioni na ngapi leo alfajiri, mwombe apime kwanza.